Sura ya 3: Kamera ya Kwanza Huchaguliwa Ukumbini Usiku

Anayetaka kuanza kupiga picha za harusi hukutana na karatasi ya sifa kabla hajaishika kamera yenyewe. Megapikseli 24, pointi 51 za fokasi, stopu 14 za upana wa mwanga, video ya 4K. Namba hizo ni za kweli, lakini karatasi haisemi ni ipi kati yao itakayomuumbua mpiga picha saa tatu usiku, maharusi wanapoingia ukumbini huku taa zimepunguzwa, DJ amewasha taa za zambarau na shangazi zake bibi harusi wanacheza mbele ya lenzi. Kamera yoyote iliyotengenezwa miaka kumi iliyopita hutoa picha nzuri saa kumi jioni ufukweni. Ukumbini ndipo kamera zinapoachana, kwa hiyo hesabu ya kununua tutaifanyia hapo.

Nichukue mfano wa dada mmoja kutoka Tanga aliyeniletea swali hili akiwa na shilingi milioni moja na laki nane, karibu dola 700. Alikuwa amebakiwa na kamera mbili kwenye orodha yake. Ya kwanza ni Canon EOS R50, mpya, ya mwaka 2023, isiyo na kioo ndani, yenye lenzi yake ya dukani ya milimita 18 hadi 45. Ya pili ni Nikon D750, ya mwaka 2014, DSLR ya mtumba yenye sensa ya fremu kamili. "Kaka," aliniuliza, "ninunue mpya ndogo au kuukuu kubwa?"

Tuanze na huo ukubwa. Sensa ni kile kipande cha mstatili nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga, pale ambapo zamani filamu ilikaa. Fremu kamili ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, sawa na fremu ya filamu ya kawaida ya milimita 35. Sensa za APS-C ni ndogo zaidi: ya Nikon, Sony na Fujifilm ni karibu 23.5 kwa 15.6, na ya Canon, kama ile ya R50, ni 22.3 kwa 14.9. Ukizidisha unapata milimita za mraba 864 kwa fremu kamili na kama 332 kwa R50. Kubwa inaizidi ndogo mara 2.6. Ukiweka lenzi zilizofunguka sawa na kasi sawa ya shata, sensa kubwa hukusanya mwanga mara 2.6 zaidi, na chenga kwenye picha hupungua. Kwa lugha ya wapiga picha, ambamo kila stopu moja ni mwanga mara mbili, hiyo ni kama stopu moja na theluthi.

Tofauti hiyo ipo na inaonekana. Watu wengi, hata hivyo, huishia hapo, na hapo ndipo pesa zinapopotea, kwa sababu lenzi inaweza kuleta tofauti kubwa zaidi. Namba ya f inaeleza ukubwa wa tundu la lenzi ukilinganishwa na urefu wake wa fokasi. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, na mwanga hubadilika kwa mraba wa namba hiyo. Lenzi ya dukani ya R50 ukiivuta hadi milimita 45 hufunguka f/6.3 tu. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 ya Nikon au Canon hufunguka f/1.8. Gawanya 6.3 kwa 1.8, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe: unapata zaidi ya mara 12.

Tuipeleke hesabu hiyo ukumbini. Tuseme taa zilizopo zinakuruhusu kupiga kwa f/1.8, shata sekunde 1/125, ISO 1600. Kasi hiyo inamtosha mtu anayetembea taratibu. Akianza kucheza utataka 1/250. Ukiwa na f/6.3 mahali palepale na kwa shata ileile, itabidi ISO ipande mara 12, yaani hadi karibu 20,000. R50 inafika huko, kwani kikomo chake cha kawaida ni 32,000, lakini shela inageuka mchanga na nyuso zinapoteza ngozi. Wengi wanaoogopa chenga hushusha shata hadi 1/15, na hapo kila anayenyanyua mkono anatoka na mikono mitatu.

Sasa geuza: weka f/1.8 kwenye sensa ndogo, na lenzi ya f/5.6 kwenye fremu kamili. Sensa ndogo inashinda, tena kwa karibu mara nne. Ndiyo maana simshauri mtu amalize pesa zote kwenye mwili wa fremu kamili halafu afunge juu yake lenzi ya bei ya chini kabisa ya kuvuta. Amenunua eneo kubwa la kupokea mwanga, kisha akaliwekea kidirisha kidogo.

Ukubwa wa sensa una jambo lingine linalosahaulika hadi siku ya kazi, nalo ni nafasi ya kusimama. Ukitaka kumpiga bibi harusi wima, kutoka taji hadi upindo wa gauni na nafasi kidogo juu na chini, unahitaji fremu inayobeba kama mita 2.4. Kwa milimita 50 kwenye fremu kamili utasimama mita 3.3 kutoka kwake. Kwa lenzi hiyohiyo kwenye R50 itabidi urudi nyuma hadi mita 5.4. Kwenye kumbi nyingi, ukirudi mita 5.4 umeshaingia kwenye meza ya wazee, na kati yako na bibi harusi wamepita watu wanne na mpiga video. Mwenye APS-C anayetaka lenzi moja ya f/1.8 kwa kazi ya ukumbini atafute ya milimita 30 au 35. Ya 50 abaki nayo kwa nyuso.

Upana wa mwanga, yaani umbali kati ya sehemu nyeupe kabisa na nyeusi kabisa ambazo sensa inaweza kuzitunza kwa pamoja, ndiyo namba inayosifiwa sana na kueleweka kidogo. Katika vipimo vya DxOMark, D750 ilipata stopu 14.5 kwenye ISO ya chini kabisa. Canon EOS 6D, fremu kamili ya mwaka 2012 ambayo nayo hupatikana sana kwa mtumba, ilipata 12.1. Kwenye karatasi ni namba mbili tu zinazokaribiana. Kwenye harusi ni mchana wa kanisani: bwana harusi kavaa suti nyeusi, bibi harusi shela nyeupe, wamesimama kwenye ngazi na jua la saa nane linawaka nyuma yao.

Hapo kipimo cha mwanga cha kamera huona nyeupe nyingi na kuifanya picha nzima iwe ya giza, na nyuso zetu, ambazo nyingi ni za rangi iliyokoza, ndizo zinazozama kwanza. Ukiongeza mwanga ili nyuso zitoke, nakshi za shela zinaungua na haziwezi kurudishwa. Njia ya kitaalamu ni kupiga kwa faili la RAW, kuilinda shela, kisha kuzinyanyua sehemu za kivuli kwenye kompyuta. Kwa D750 unaweza kunyanyua stopu tatu au nne na uso ukatoka safi. Kwa 6D, ukinyanyua kiasi hicho, kwenye suti nyeusi hutokea mistari na madoa ya rangi ambayo hayakuwepo pale kanisani. Aliyepiga kwa JPEG hana kingi cha kunyanyua katika kamera yoyote, kwa kuwa sehemu kubwa ya taarifa za kivuli hutupwa wakati faili linapohifadhiwa.

Lakini faida hii ni ya mchana. Kila ISO inapoongezeka mara mbili, upana wa mwanga hupungua kwa karibu stopu moja katika sensa za aina ya D750, na kufikia ISO 3200 pengo lake na 6D limekwisha kwa kiasi kikubwa. Anayepiga sherehe za usiku tu asilipe zaidi kwa ajili ya stopu 14. Anayepiga kanisani, bustanini na ufukweni azitazame kwa makini.

Sasa fokasi. Lenzi ya milimita 50 ikifunguliwa f/1.8 kwenye fremu kamili, na mtu yuko mita mbili mbele yako, sehemu inayoonekana kali ina kina cha kama sentimita 17. Akiwa mita moja, kina hicho hushuka hadi sentimita nne hivi, kiasi kwamba ukilenga ncha ya pua, macho yanalegea. Lenzi angavu niliyoisifu inadai otofokasi inayojua jicho liko wapi.

Hapa R50 iko mbele waziwazi. Kamera zisizo na kioo hupima fokasi juu ya sensa yenyewe, na R50 hulitambua jicho na kulifuata hata likiwa pembeni kabisa mwa fremu. D750 hupima kwa kifaa kingine kilichokaa chini ya kioo, chenye pointi 51 zilizosongamana katikati ya fremu. Ukitaka jicho lililo kwenye theluthi ya juu, pengine pointi hazifiki. Inabidi ulenge kwanza, ushikilie fokasi, kisha usogeze kamera, na kwa f/1.8 usogezaji huo wenyewe unaweza kukupotezea sentimita ulizokuwa nazo. Inawezekana kufanya kazi nzuri hivyo, na harusi nyingi sana zimepigwa kwa kamera za aina hiyo, ila mkono unahitaji mazoezi, na kwa kawaida f/2.8 ni salama kuliko f/1.8 mtu anapotembea kuelekea kwako. Kwenye giza D750 si mnyonge: fokasi yake ya katikati hushika katika mwanga hafifu ambao DSLR za bei ndogo huzunguka tu bila kushika.

Kwa video hakuna mjadala. D750 ikitazama kwa kioo chake cha nyuma hutafuta fokasi polepole, ikienda mbele na kurudi, na picha yake ni ya 1080p. R50 hurekodi 4K huku ikimfuata mtu. Kama kamati itakulipa kwa video, namba za sensa nilizotoa juu hazikusaidii sana. Chukua isiyo na kioo, kisha uiongezee lenzi.

Kwa kuwa kifaa cha fokasi cha DSLR kimetengana na sensa, vinaweza kupishana. Kamera inakuambia imeshika, lakini ukali uko sentimita tatu nyuma ya jicho. Kwa kamera ya mtumba ni lazima ulipime hili kabla hujatoa pesa. Laza futi ya fundi cherehani mezani, kaa kama mita moja na nusu ukiitazama kwa mshazari, funga lenzi ya f/1.8 na uiache wazi kabisa. Lenga namba moja, tuseme 50, ukitazama kwa tundu la jicho, upige mara kadhaa, kila mara ukivuruga fokasi kwanza. Rudia kwa kutumia kioo cha nyuma. Kama picha za kioo cha nyuma ni kali kwenye 50 na za tundu la jicho zinaangukia 52 kila mara, umeshaipata hitilafu. Kwenye D750 hurekebishwa kwa menyu iitwayo `AF fine-tune`. Kwenye D3500 na nyingine za ngazi hiyo menyu hiyo haipo, kwa hiyo unamrudishia mwenye mali kamera yake.

Bei nazo zina tabia zake. Mwili wa kamera hushuka thamani upesi, lenzi nzuri hushuka polepole. D750 ilitoka ikiuzwa dola 2,299 bila lenzi. Kwa sasa, kwa wauzaji wa mitumba wanaotoa dhamana, nyingi ziko kati ya dola 450 na 600 kulingana na hali yake, na lenzi yake ya 50 f/1.8G iliyotumika huongeza kama mia moja. R50 ilitoka kwa dola 799 pamoja na lenzi ya dukani. Kwa hiyo D750 na lenzi angavu na R50 na lenzi ya giza ziko kwenye kiwango kimoja cha pesa, na nauli na ushuru wa kuingiza mzigo huongezwa kwa zote mbili.

Mpya hukupa dhamana, lakini uliza ni dhamana ya nani. Kamera nyingi huja kutoka Dubai, na karatasi iliyomo kwenye boksi yaweza kuwa ya duka lililoiuza, bila kumhusu mtengenezaji. Kuna mtego mwingine kwa wanaoagiza Japani, ambako mitumba yake inasifika kwa kutunzwa: kamera za Sony zilizouzwa kwa soko la Japani zimekuwa zikija na menyu ya Kijapani peke yake. Muulize muuzaji akupigie picha ya menyu ya lugha kabla hujatuma pesa.

Kwa Nikon, idadi ya mipigo ya shata imeandikwa ndani ya kila picha. Mwombe muuzaji apige picha hapohapo, akupe faili lilivyotoka kwenye kadi. Iliyopitia WhatsApp imeshafutwa taarifa zake. Kisha, kwenye kompyuta yenye programu ya bure ya ExifTool:

```
exiftool -ShutterCount DSC_0001.JPG
```

Shata ya D750 ilijaribiwa kiwandani kwa mipigo 150,000. Ikisoma 60,000, imebakiza 90,000 ya makadirio, na kwa mpiga picha anayepiga 1,500 kwa harusi moja hizo ni harusi 60. Namba hiyo ni makadirio tu: nyingine huvuka mbali, nyingine hukwama mapema, na shata hubadilishwa kwa fundi. Canon 6D na ndugu zake wengi hawaandiki idadi hii kwenye picha, kwa hiyo huko soma hali ya mwili: mpira wa kushikia umevimba au umelegea, herufi za vitufe zimefutika, skrubu za chini zimechubuliwa na bisibisi.

Kwa sisi wa pwani, ya kutazamwa zaidi ni kutu na fangasi. Fungua kifuniko cha betri uangalie vyuma vyake. Doa la kijani au jeupe maana yake chumvi imeshaingia. Halafu lenzi. Ing'oe, washa tochi ya simu upande wa nyuma, uchungulie kwa mbele ukiinamisha kidogo. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando wa buibui ni fangasi, na zikikaa muda mrefu hula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, ikabaki alama hata baada ya kusafishwa. Wengi hupitwa na fangasi kwenye lenzi za Nikon za aina ya G kwa sababu moja ndogo: zikishang'olewa, tundu hujifunga na kubaki kijishimo. Kisogeze kwa kidole kile kilimi cha chuma kilicho pembeni kwa nyuma, tundu litafunguka na utaona kioo chote. Hapohapo utaona kama mapanga ya tundu yana mafuta. Yakiwa na mafuta hufunga kwa kuchelewa, na picha hutoka na mwanga uliozidi.

Mwisho wa ukaguzi, weka f/16, piga ukuta mweupe au mbingu bila fokasi, kisha vuta picha kwenye kioo. Madoa meusi yaliyofifia ni vumbi la sensa na fundi huliondoa. Mstari mkali usiohama ni mkwaruzo, na bei ya kubadilisha sensa haiko mbali na bei ya kamera yenyewe.

Yule dada nilimuuliza swali moja: nani atakulipa mwaka huu? Alikuwa na kazi za sendofu na harusi za ndugu na majirani, picha tupu, na kaka yake anayepiga video ana kamera yake. Hiyo ilimwelekeza kwenye D750 na 50 f/1.8G. Angesema atafanya vyote viwili, ningemwambia anunue R50 bila kuitegemea lenzi ya dukani usiku, aweke akiba ya lenzi angavu kwanza, na ajue kwamba flashi za zamani hazishiki juu ya R50 hadi anunue kipande cha kuunganishia kiitwacho AD-E1. D750 hupokea flashi za kawaida moja kwa moja, nalo ni jambo lenye uzito, kwa sababu picha ya kamati iliyopangwa safu tatu haiwezi kupigwa kwa f/1.8, safu ya nyuma italegea. Inahitaji kama f/5.6 na mwanga wa flashi uliorushwa darini, mradi dari lenyewe halijafunikwa vitambaa vya pinki, maana flashi italeta rangi hiyo kwenye kila uso.

Kwa milioni moja na laki nane alipata mwili uliosomeka mipigo 48,000, lenzi, betri ya pili ya EN-EL15 na kadi mbili. Alinunua kadi mbili kwa sababu D750 ina matundu mawili ya kadi, R50 ina moja, na harusi hairudiwi kadi ikiharibika. Flashi aliiacha kwa malipo ya kazi ya kwanza.